Kuomba advansi ya mshahara: kiasi, sababu na mpango wa kulipa ambao hautakuumiza

Mshahara wa Desemba huingia kabla ya Krismasi, na wa Januari huja mwisho wa mwezi. Hapo katikati kuna karibu siku arobaini, na ndani yake shule zinafunguliwa. Ndiyo maana wateja wengi hutuuliza mwanzoni mwa mwaka: nikimwomba mwajiri advansi, nimwandikie nini ili akubali?

Jibu letu huwashangaza wengine. Sehemu ya barua inayoamua mambo si sababu uliyotoa. Karibu kila mtu ana sababu nzuri. Kinachoamua ni mpango wa kulipa, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kuahidi kulipa haraka mno.

Tuchukue mfano wa karani wa stoo katika Eneo la Viwanda, Nairobi, mwenye mkataba wa maandishi na mshahara wa shilingi 30,000. Mtoto wake anaingia Gredi ya 10. Karo ya muhula wa kwanza ni 20,000, naye ameweka 8,000. Amepungukiwa na 12,000. Kiasi cha kuomba ni hicho hicho 12,000. Si 15,000 “kwa sababu ya mambo mengine”, na si “chochote mtakachonisaidia”. Ukiandika chochote, unamwachia mtu mwingine kazi ya kukadiria shida yako, na mara nyingi atakadiria chini. Ukiongeza kidogo juu, mhasibu ataona kwamba namba yako hailingani na ile iliyo kwenye barua ya shule.

Kabla ya kuandika neno lolote, karani huyu achukue peislipu yake. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa 30,000 hukatwa NSSF 1,800, SHIF 825, ushuru wa nyumba 450 na PAYE kama 731. Yeye pia hukatwa 4,000 za mkopo wa sako. Kinachobaki mkononi ni karibu 22,194. Hii ndiyo namba ya kufanyia hesabu. Ile 30,000 iliyo kwenye mkataba iacheni huko.

Sasa matumizi. Kodi ya nyumba ni 7,000, chakula 6,500, matatu 2,600, stima na maji 900, na 1,000 anazomtumia mama nyumbani kila mwezi. Jumla ni 18,000. Zinabaki 4,194.

Mtu mwenye haraka ya kukubaliwa ataandika: “Nikatwe yote mwisho wa mwezi.” Inasikika vizuri, lakini hesabu inakataa. Akikatwa 12,000 atabaki na 10,194, na ukitoa kodi anabaki na elfu tatu na kitu za chakula na nauli ya mwezi mzima. Kufikia tarehe kumi atakuwa ofisini tena akiomba advansi nyingine, au atakuwa kwenye mkopo wa simu. Kuna jambo lingine pia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mkopo aliompa mfanyakazi ikiwa kuna makubaliano ya maandishi, na makato hayo yasizidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine. Nusu ya 22,194 ni 11,097. Kwa hiyo ile ahadi ya kulipa 12,000 kwa mkupuo mmoja inavuka mpaka huo, na mhasibu makini ataikataa hata kama umeisaini mwenyewe. Kifungu hicho hicho kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo mtu mwenye mikopo mingi ya sako anaweza kukuta hana tena nafasi ya kukatwa.

Vipi 4,000 kwa miezi mitatu? Kisheria ni sawa. Lakini angebaki na shilingi 194 kwa mwezi, na mwezi mmoja tu wa mtoto kuugua utaharibu kila kitu. 2,000 kwa miezi sita ni rahisi kwake, lakini deni litafika hadi Juni, na muhula wa pili hufunguliwa karibu mwisho wa Aprili. Atakuwa analipa karo ya zamani huku akitafuta mpya. Tunachokiona kinafaa ni 3,000 kwa miezi minne, Januari hadi Aprili. Kila mwezi anabaki na karibu 1,194, na hizo aziweke kando, kwa sababu muhula wa pili uko njiani.

Tahadhari moja kuhusu mpango. Usiweke ndani yake pesa ambayo haiko mikononi mwako: zamu ya chama ambayo huenda ikasogezwa, ovataimu ambayo bado hujapangiwa, au deni ambalo rafiki alisema atalipa. Zikija, lipa mapema. Mpango wenyewe usimame juu ya mshahara peke yake.

Barua yake inaweza kuwa hivi:

Kwa: Meneja wa Rasilimali Watu
Kupitia kwa: Msimamizi wa Stoo
Tarehe: 5 Januari

KUH: OMBI LA ADVANSI YA MSHAHARA, SH 12,000

Naomba advansi ya shilingi 12,000 ili kukamilisha karo ya muhula wa kwanza ya mtoto wangu anayeingia Gredi ya 10. Karo ni shilingi 20,000 na tayari nina shilingi 8,000. Barua ya shule nimeiambatanisha. Naomba nipate jibu kufikia tarehe 9 Januari.

Napendekeza nikatwe shilingi 3,000 kila mwezi kwa miezi minne, kuanzia mshahara wa Januari hadi wa Aprili. Baada ya makato yangu ya sasa napokea shilingi 22,194, kwa hiyo nitabaki na shilingi 19,194, ambazo zinatosha matumizi yangu ya lazima.

Nikiacha kazi kabla ya kumaliza, nakubali salio litolewe kwenye malipo yangu ya mwisho kwa mujibu wa sheria. Ikiwezekana, pesa zitumwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Wako mwaminifu,
(Jina, namba ya mfanyakazi, simu, sahihi)

Ni barua fupi, na inatosha. Kwingi ofisini barua hizi huandikwa kwa Kiingereza. Ukifanya hivyo, namba na mpangilio vibaki vile vile. Sababu imepewa sentensi moja na ushahidi mmoja. Kama shida yako ni ugonjwa, huna haja ya kueleza ugonjwa wenyewe: “bili ya hospitali ya mzazi wangu” pamoja na nakala ya bili inatosha. Kinachochelewesha majibu ni maneno kama “dharura ya kifamilia” bila karatasi yoyote, kwa sababu anayeidhinisha naye ana mkubwa wake wa kumweleza.

Lile ombi la kutuma pesa moja kwa moja shuleni si la mapambo. Kama una deni la overdrafti kwenye laini yako, pesa yoyote inayoingia inaweza kukatwa kwanza kulipa deni hilo. Umeomba 12,000, unapokea 9,500, na karo bado haijakamilika. Mwajiri akilipa kwa namba ya Paybill ya shule, akiweka namba ya usajili ya mwanafunzi kama namba ya akaunti, pesa inafika ilipokusudiwa na kila upande una ujumbe wa uthibitisho. Naye mwajiri hupata uhakika kwamba sababu ilikuwa ya kweli. Andika namba hizo kwenye barua kwa uangalifu. Namba ya akaunti ikikosewa tarakimu moja, pesa inaweza kuingizwa kwa mwanafunzi mwingine, na kuirekebisha huchukua siku ambazo huna.

Kuhusu kiasi kikubwa zaidi, kuna sababu ya kisheria inayowafanya waajiri wengi wasite. Kifungu cha 17 cha sheria hiyo hiyo kinasema advansi inayozidi mshahara wa mwezi mmoja, au miezi miwili kwa aliye na mkataba wa maandishi, ile ziada haiwezi kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo ukiomba mishahara mitatu, unamwomba bosi aweke pesa mahali ambapo hana njia ya kuifuata. Hapo sako ni mlango bora.

Wakati nao una uzito. Ofisi nyingi hufunga hesabu ya mishahara siku kadhaa kabla ya siku ya kulipa, na ombi linalofika baada ya hapo huweza kusubiri. Mwone msimamizi wako kwanza, kwa mdomo, kabla ya karatasi kupita mezani kwake. Hakuna anayependa kushtukizwa.

Kwenye duka, hoteli ndogo au kazi ya nyumbani, mara nyingi hakuna meneja wala fomu. Ujumbe wa simu unatosha, bora uwe na mambo yale yale: “Shikamoo mama. Naomba advansi ya 4,000 ya dawa za baba, karatasi ya hospitali nitakuonyesha jioni. Unikate 1,000 kila mwisho wa mwezi kuanzia mwezi huu, mara nne. Ukikubali naomba unijibu hapa.” Ile sentensi ya mwisho ndiyo ya maana. Jibu lake ndilo makubaliano yenu ya maandishi, na mwezi wa tatu mtu akisahau amekata mara ngapi, mnafungua ujumbe na kuhesabu. Usiufute.

Ukishapewa, omba nakala ya makubaliano yaliyosainiwa. Kisha kila mwezi angalia peislipu: mstari wa advansi uwepo, uwe 3,000, na upotee baada ya Aprili. Makato yaliyowekwa kwenye mfumo wakati mwingine huendelea mwezi wa tano kwa sababu tu hakuna aliyeyasimamisha. Ukiona hivyo, peleka nakala yako na peislipu nne. Na ukiona kwamba baada ya makato ya kwanza tu umeanza kukopa nauli katikati ya mwezi, basi hesabu ya matumizi iliacha kitu nje. Rudi ofisini mapema uombe makato yapunguzwe hadi 2,000, kabla ya kujaza pengo kwa mkopo mwingine.

Wakikubali nusu, labda 8,000, usiitikie “sawa” kisha uache mpango wa zamani kwenye karatasi. Andika upya: 2,000 kwa miezi minne. Halafu peleka barua hiyo ya idhini kwa bursa wa shule umwombe akupe hadi mwisho wa Januari kumalizia zile 4,000 zilizobaki. Hizo zitatoka kwenye mshahara wa Januari, kwa hiyo omba ofisini makato ya kwanza yaanze Februari.