Swali la mtihani: 0.04 inasema nini hasa?

Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya RV144, jaribio la chanjo ya VVU lililofanyika Thailand kwa watu zaidi ya 16,000. Kati ya waliochanjwa waliambukizwa 51. Kati ya waliodungwa sindano isiyo na chanjo, 74. Ufanisi ulikadiriwa kuwa asilimia 31.2, masafa ya uhakika ya asilimia 95 yakianzia 1.1 hadi 52.1, na thamani ya p ikawa 0.04.

Swali la kwanza darasani: je, kuna uwezekano wa asilimia 96 kwamba chanjo inafanya kazi? Hapana. Hesabu ya p huanza kwa kudhani chanjo haina faida yoyote, kisha huuliza: bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kiasi hiki, au zaidi, mara ngapi? Jibu ni kama mara 4 katika majaribio 100. Hesabu iliyokwisha kudhani jambo haiwezi kutuambia uwezekano wa jambo hilohilo.

Na ile 95? Ni sifa ya njia ya kukokotoa: jaribio likirudiwa mara nyingi, masafa kama 95 katika kila 100 yataunasa ufanisi halisi. Haya yetu yanakubaliana na faida ndogo mno, na pia na kupunguza maambukizi kwa nusu.

Sasa warudishe watu 7 walioondolewa kwa kuwa walikwisha kuambukizwa kabla ya kuchanjwa. Ufanisi unakuwa 26.4, masafa -4.0 hadi 47.9, p 0.08. Mwanafunzi anayeandika "sasa chanjo imeshindwa" akatwe alama.