Rangi za mvua kwenye simu: Kijani weka urea, nyekundu ngoja

Wanamemba wengi siku hizi wanafungua simu na kuona ramani ya mvua yenye rangi. Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: mbolea ya urea iko tayari, mahindi yamefika kwenye magoti, ile rangi inayokuja inatuambia tuiweke leo ao tungoje?

Rada haipimi maji yaliyofika chini. Inatuma mawimbi angani, yanagonga matone ya mvua, kiisha yanarudi. Matone makubwa na mengi yanarudisha nguvu nyingi. Nguvu hiyo inaandikwa kwa dBZ, na kila kiasi kinapewa rangi yake. Rangi zinaweza kubadilika kutoka ramani moja hadi nyingine, kwa hiyo kwanza tazameni mustari wa rangi ulio pembeni ya picha.

Kwenye ramani nyingi, buluu ni manyunyu, karibu dBZ 20, hata milimita 1 kwa saa haifiki. Kijani, karibu dBZ 30, ni mvua ya pole, milimita 2 ao 3 kwa saa. Manjano, karibu dBZ 40, ni kama milimita 12 kwa saa. Nyekundu, karibu dBZ 50, inafikia milimita 50 kwa saa. Muone vizuri: kutoka rangi moja kubwa hadi ingine mvua haiongezeki kidogo tu, inazidi karibu mara nne. Zambarau inapita nyekundu, lakini mara nyingi ndani yake kuna mvua ya mawe, na mawe yanadanganya rada ionyeshe maji mengi kuliko yaliyopo.

Tuchukue mfano wa shamba la robo ya hekta kwenye mteremko, upande wa Walungu. Saa nane mchana doa jekundu liko kilometa 40 mashariki. Saa nane na nusu liko kilometa 25. Limetembea kilometa 15 kwa nusu saa, basi zile 25 zinabakia dakika 50 hivi: litafika karibu saa tisa na dakika 20. Doa lenyewe lina upana wa kilometa 10, kwa hiyo litapita juu ya shamba kwa dakika 20. Milimita 50 kwa saa, kwa dakika 20, ni milimita 16 na zaidi kidogo.

Milimita 1 ni lita 1 kwa kila meta mraba. Kwenye robo ya hekta, milimita 16 ni lita 40.000, ni kusema bidoni 2.000 za lita 20, zimemwagwa kwa dakika 20 tu. Udongo wa mteremko hauwezi kuyameza yote. Maji yanatelemuka, na urea iliyowekwa juu inayeyuka na kwenda nayo bondeni.

Sasa mfano wa pili: kijani tupu, inakaa juu ya shamba saa nne. Milimita 3 mara 4 ni milimita 12. Jumla haiko mbali na ile ya kwanza, lakini udongo unakunywa pole pole, na urea inashuka kwenye mizizi. Ndiyo maana rangi peke yake haitoshi, lazima muhesabu pia muda itakaokaa.

Kwa hiyo, kijani ikija, wekeni urea, mbali kidogo na shina, na muifunike na udongo. Nyekundu ikija, ngojeni ipite. Kesho yake udongo ukiwa na unyevu bila maji kusimama, wekeni na mufunike.

Kuna mipaka. Rwanda inayo rada huko Bugesera, lakini kati yake na sisi kuna safu ya milima inayoziba mawimbi. Na kadiri mawimbi yanavyoenda mbali, ndivyo yanapita juu zaidi ya ardhi, mvua ya chini yasiione. Pengine matone yanakauka njiani kabla ya kufika. Na rangi kali isiyotembea hata kidogo, mbingu ikiwa nyeupe, mara nyingi ni mlima tu unaorudisha mawimbi.

Tena, aplikasyo nyingi zinapaka rangi kutokana na satelite ao hesabu ya kompyuta, juu ya kukosa rada. Tazameni jina la picha: Radar, Satellite ao Prévisions. Tazameni na saa yake: ikiwa saa haijafika bado, hiyo ni makisio.

Ili kujua simu inasema kweli kwenu, simamisheni shambani kopo lenye ukuta ulionyooka, mbali na miti. Mvua ikiisha, ingizeni rula na musome milimita. Andikeni pembeni ya rangi mliyoona na muda wake. Kisha mvua kumi hivi, mtajua kijani ya simu yenu inaleta nini kwenye shamba lenu.