Vinara wa kikombe cha uji

Ukiuliza mezani uji upi una nguvu kuliko mwingine, utajibiwa kwa rangi ya unga. Huyu atakwambia wa ulezi, maana ndio wanaopewa wazazi waliojifungua. Yule atatetea dona kwa sababu halijakobolewa. Wa tatu ana pakiti yake ya lishe yenye nafaka saba na hataki kusikia la mtu. Ubishi huu hauishi kwa sababu kila mmoja anapima kwa bakuli lake. Tuwape wote kikombe kimoja: mililita 300 za uji, unga gramu 30 (vijiko vitatu vya chakula visivyofura), maziwa ya ng'ombe mililita 100, sukari gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai vya usawa, na maji. Gramu moja ya wanga au ya protini tuihesabu kilokalori 4, na gramu ya mafuta kilokalori 9. Namba zimekadiriwa, kwa sababu unga wa shamba hili si sawa kabisa na wa lile.

Kinachozidi vyote: maji

Mshindi huyu hana anayemkaribia. Zaidi ya asilimia 80 ya kikombe hicho ni maji, na maji hayana kilokalori hata moja. Wanga wa unga ukipashwa moto hufyonza maji, ukavimba na kuyashikilia, ndiyo maana gramu 30 tu zinaweza kujaza kikombe kizima na mdomo ukaamini kwamba umekula. Uzito wa uji mdomoni basi si ushahidi wa chochote. Uache uji mwepesi upoe nusu saa na utauona umekuwa mzito, ingawa hakuna aliyeongeza hata punje.

Mtoaji mkubwa wa nguvu: unga, uwe wowote

Gramu 30 za dona zinatoa kilokalori kama 108. Sembe inatoa karibu hizo hizo, uwele pia. Ulezi unabaki nyuma kidogo, kama 98, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya punje yake ni nyuzinyuzi. Tofauti ya wa kwanza na wa mwisho ni kilokalori 10, ambazo nusu kijiko cha chai cha sukari kinazifidia. Ubishi wa mezani umekwisha hapo, kwa upande wa nguvu.

Zipo tofauti nyingine, lakini ni ndogo kuliko sifa zake. Dona lina mafuta kama gramu moja katika kikombe, sembe nusu yake, kwa sababu kiini cha punje chenye mafuta huondolewa mashineni. Mafuta hayo ndiyo yanayolifanya dona lichache upesi likikaa muda mrefu. Ukifungua mfuko ukasikia harufu ya mafuta ya zamani, hilo limeshapita wakati.

Bingwa wa protini: maziwa

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Gramu 30 za dona zina protini kama 2.6. Ulezi, pamoja na heshima yake yote, una kama 2.1. Uwele ndio unaoongoza miongoni mwa unga huu, kama 3.3. Halafu yanakuja maziwa, mililita 100 tu, chini ya nusu ya glasi, nayo yanaleta 3.3 peke yake pamoja na mafuta gramu 3.5.

Tujumlishe kikombe cha dona chenye maziwa. Unga kilokalori 108, maziwa 63, sukari 40, jumla 211. Protini ni kama gramu 5.9, sawa na yai moja. Mafuta gramu 4.6, wanga kama 38. Toa maziwa, weka maji mahali pake: kilokalori zinashuka hadi 148, protini hadi 2.6, na mafuta yanabaki gramu moja. Kubadili unga kumetupa tofauti ya gramu 1.2 ya protini kwa wingi wake. Kubadili maji kwa maziwa kumeiongeza protini zaidi ya maradufu.

Protini ya maziwa pia ina ubora ambao gramu hazionyeshi. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya viungo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na hali ni hiyo hiyo kwa ulezi na uwele. Maziwa yana lisini nyingi. Yakichanganywa na unga yanaziba pengo lake, na hata ile protini ya mahindi inatumika vizuri zaidi.

Rekodi hii lakini inasimama kwa maziwa halisi. Mchuuzi akiongeza maji hadi theluthi moja ya chombo iwe maji, ile 3.3 inakuwa 2.2, na kwenye uji huwezi kugundua kwa sababu unga unaficha wepesi wake. Yaonje kabla hayajaingia sufuriani.

Kuhusu wakati wa kuyatia: unga ukorogwe kwanza na maji baridi usifanye mabonge, umiminwe kwenye maji yanayochemka, upikwe huku unakoroga mpaka ladha ya unga mbichi iishe, ndipo maziwa yaingie na kuchemka pamoja nao. Kama ni uji wa ndimu au ukwaju, au uliochachushwa, maziwa yatakatika. Uji huo utaonekana wa ajabu, lakini protini haijaenda popote. Imeganda tu vipande vipande.

Inayopanda haraka kuliko zote: sukari

Vijiko viwili vya usawa ni vya hesabu hii. Majumbani kijiko hufura, nacho kikifura hubeba kama gramu 7. Vitatu vya namna hiyo ni gramu 21, kilokalori 84. Kikombe chetu sasa kina kilokalori 255, na theluthi moja ya nguvu yake ni sukari tupu, isiyo na protini, mafuta wala nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikiwezekana isizidi 5. Kwa mtu mzima wa kilokalori 2,000, hiyo 5 ni gramu 25. Kikombe kimoja cha asubuhi kimekaribia kuimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sukari ya asili iliyomo ndani ya maziwa haihesabiwi humo.

Bingwa wa kalsiamu: ulezi

Kalsiamu si wanga, si protini, si mafuta, lakini ulezi haustahili kuondoka bila medali. Gramu 30 zake zina kalsiamu kama miligramu 105, karibu sawa na mililita 100 za maziwa. Mahindi ya kiasi hicho hicho yana kama miligramu 2. Wanaowapikia wazazi uji wa ulezi wana hoja, ila si ile ya nguvu wanayoitaja.

Uji mzito kuliko wote unaonyweka: wa kimea

Rekodi iliyo ngumu zaidi kuivunja iko kwenye uji wa mtoto. Mtoto wa kilo 8 ana tumbo la kupokea kama gramu 240 kwa mlo mmoja, halafu basi. Kwa hiyo swali si anakunywa kiasi gani, ni kila gramu inabeba nini. Kiwango kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa chakula cha nyongeza ni angalau kilokalori 0.8 kwa gramu. Uji wetu wa maji na dona, bila sukari, una 0.36. Mtoto anashiba, anatulia, analala, na mwili umepata chini ya nusu ya kinachotakiwa.

Dawa ya haraka ni kuongeza unga. Tia gramu 60 badala ya 30, mililita 100 za maziwa, sukari usiitie kabisa. Jumla ni kilokalori 279 kwa gramu 300, yaani 0.93, na kiwango kimepita. Tatizo ni kwamba kijiko sasa kinasimama chenyewe katikati ya bakuli, na mtoto asiye na meno hawezi kuumeza.

Kimea kinatatua hilo. Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uote, uanike juani ukauke kabisa, upukute vijimizizi, usage. Punje inayoota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo ya wanga, na wanga uliokatwa hauwezi tena kushika maji mengi. Pika uji mzito kama nilivyoeleza, uepue, uuache upoe kiasi cha kuweza kuuonja bila kuungua, kisha tia kijiko kimoja au viwili vya chai vya kimea kwa nusu lita na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalegea na kuteleza mwikoni, na gramu 60 zote za unga bado zimo. Urudishe jikoni uchemke kidogo, maana kimea hakijapikwa.

Ukikitia uji ukiwa unachemka, moto unakiua kimeng'enya na hakuna kitakachotokea. Uji usiolegea ndiyo dalili. Kimea chenye harufu ya ukungu kitupwe, kwa sababu unyevu wa kuotesha ndio unaopendwa na kuvu wa sumukuvu. Na kama unaotesha mtama badala ya ulezi, vichipukizi viondolewe vyote, kwani machipukizi ya mtama hubeba kemikali inayotoa sianidi. Kwa mtoto, ulezi ni salama zaidi.

Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi yao kuhusu unga wa nafaka iliyoota kwa chakula cha watoto, na tangu hapo kimea kimekuwa mada ya wataalamu wa lishe. Wapikaji wa togwa walikuwa wakikitumia miaka mingi kabla, kwa shughuli hiyo hiyo ya kulegeza uji.

Namba kubwa kuliko zote: ya kwenye pakiti

Pakiti ya unga wa lishe inaweza kuandika kilokalori 380 na protini gramu 14, na kwa maandishi hakuna anayeikaribia. Tazama juu ya jedwali: kipimo ni gramu 100 za unga mkavu. Kikombe chako kina gramu 30. Zidisha kwa 0.3 na utabaki na kilokalori 114 na protini 4.2, ambazo dona la kawaida lenye maziwa mililita 100 linazipita bila jasho. Kabla ya kulipa zaidi kwa nafaka saba, linganisha kwanza nyongeza hiyo ya bei na bei ya maziwa.