Ukubwa wa Kosa kama Kielelezo cha Chanzo Chake: Saa ya Karatasi na Duka la Darasani katika Ufundishaji wa Wakati na Fedha, Darasa la Kwanza hadi la Tatu, Lushoto

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua matumizi ya zana mbili za gharama ndogo, yaani saa ya karatasi na duka la darasani, katika kufundisha wakati na fedha kwenye madarasa ya chini ya shule ya msingi. Mazingira yanayorejelewa ni ya wilaya ya Lushoto, katika Milima ya Usambara, ambako watoto wengi huingia shuleni wakizungumza Kisambaa na kufundishwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba makosa ya wanafunzi katika mada hizi hayatokei ovyo. Kila kosa la msingi lina ukubwa wake maalumu, na mwalimu anayepima tofauti kati ya jibu la mwanafunzi na jibu sahihi anaweza kutambua chanzo cha kosa kabla ya kufundisha upya.

2.0 Saa ya Karatasi na Kanuni Mbili katika Uso Mmoja

Ugumu wa saa kwa mtoto wa Kiswahili hautokani na mishale tu. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana panapokucha. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, Mswahili husema saa moja. Mahali palipo karibu na ikweta kama Lushoto, utaratibu huu unaafiki maumbile, kwa kuwa nyakati za kuchomoza na kuzama kwa jua hazibadiliki sana kwa mwaka mzima. Hata hivyo, mtoto anayeishi bondeni hawezi kulitegemea jua peke yake, kwani vilima hulichelewesha kuonekana. Anahitaji saa, na saa ina namba ambazo hazilingani na maneno anayoyasikia nyumbani.

Suluhisho limo katika umbo la saa yenyewe. Jina la saa kwa Kiswahili ni namba iliyo mkabala na ile inayoonyeshwa na mshale mfupi: 7 inatazamana na 1, 8 na 2, 10 na 4. Kanuni hii ni nyepesi kuliko ya kutoa sita, ambayo inamlazimu mtoto ajumlishe sita pale mshale unapokuwa kwenye 4, ili apate saa kumi.

Utengenezaji wa saa unaweza kuidhihirisha kanuni hiyo. Duara la karatasi hukunjwa nusu, kisha robo, kisha robo hiyo hukunjwa mara tatu zilizo sawa. Likikunjuliwa huwa na sehemu 12 na mistari sita, na kila mstari unaunganisha namba mbili zinazotazamana. Duara hubandikwa juu ya kadibodi bila kuifuta mikunjo, na mishale miwili hushikizwa katikati kwa waya uliopindwa nyuma. Mwanafunzi huweka mshale mfupi kwenye namba, kisha hufuata mkunjo kwa kidole hadi upande wa pili na kutaja jina la saa.

Kanuni ya mkabala, hata hivyo, inahusu mshale mfupi pekee. Mshale mrefu husomwa mahali ulipo, kwa kuhesabu tano tano kuanzia 12. Ndiyo maana haifai kuchora saa yenye namba zilizozungushwa ili 1 ikae mahali pa 7. Saa hiyo huwa rahisi kwa kutaja saa, lakini huharibu usomaji wa dakika, na haifanani na saa yoyote atakayoikuta mwanafunzi nje ya darasa.

Hapa ukubwa wa kosa huanza kusema. Chukulia kwamba mwalimu ameonyesha saa 2:15 asubuhi: mshale mrefu uko kwenye 3, na mfupi umepita 8 kidogo. Mwanafunzi anayejibu saa 8:15 amekosea kwa saa sita kamili, hakutumia mkabala. Anayejibu saa 2:45 amekosea kwa dakika 30 kamili. Ameutumia mkabala hata kwenye mshale mrefu. Wa kwanza anahitaji kurudi kwenye mikunjo. Wa pili anaijua mikunjo vizuri, na kumrudisha huko kutamzidishia kosa. Anachohitaji ni kutenganisha kazi za mishale, kwa mfano kwa kuipaka rangi tofauti.

Zana hii ina upungufu mmoja. Mishale yake haiendeshani. Mwanafunzi anaweza kuonyesha saa mbili na nusu kwa kuweka mshale mrefu kwenye 6 na mfupi juu ya 8 hasa, hali ambayo haitokei katika saa halisi, kwani wakati huo mshale mfupi huwa katikati ya 8 na 9. Asiposahihishwa, atatatizika atakapofika kwenye saa tatu kasoro robo, ambapo mshale mfupi unaikaribia 9 bila kuifikia. Zoezi linalofaa ni kuuzungusha mshale mrefu mzunguko mzima polepole, huku mfupi ukisogezwa hatua kwa hatua hadi namba inayofuata.

3.0 Duka la Darasani na Hesabu ya Chenji

Duka huhitaji meza, bidhaa chache na fedha za mfano. Maboksi matupu ya viberiti na mazao ya wilaya, kama karoti, plamu na viazi, yanatosha. Sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 hunakiliwa kwa kusugua penseli juu ya karatasi iliyofunika sarafu halisi. Noti huwa vipande vya kadibodi vilivyoandikwa thamani. Bei zote ziwe vigawe vya 50, ili chenji ipatikane.

Tuseme fungu la karoti limewekewa bei ya shilingi 350, na mnunuzi ametoa noti ya 1,000. Muuzaji wa gulioni hafanyi hesabu ya wima. Huanzia kwenye bei na kupanda: anatoa 50, imefika 400; anatoa 100, imefika 500; anatoa 500, imefika 1,000. Chenji ni 650. Mwanafunzi anayeandika hesabu hiyo kwa wima na kupata 750 amekosea kwa 100: amekopa, lakini hakupunguza tarakimu ya mamia. Anayepata 1,350 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Meza ya duka humsahihisha huyu wa pili papo hapo, kwa kuwa hakuna muuzaji anayerudisha fedha nyingi kuliko alizopewa.

4.0 Zana Mbili Zinapokutana

Njia ya kupanda ndiyo inayoziunganisha mada hizi. Saa ya karatasi huanikwa juu ya duka, na wanafunzi huulizwa: duka lililofunguliwa saa 3:40 na kufungwa saa 4:15 lilikuwa wazi kwa muda gani? Wakipanda kama kwenye chenji, dakika 20 zinawafikisha saa nne, na 15 zinamaliza. Jumla ni dakika 35. Anayetoa 340 kwenye 415 hupata 75, yaani dakika 40 zaidi. Tofauti hiyo ya 40 hutokea kila mara hesabu inapovuka saa moja kwa njia hii, kwa sababu mwanafunzi amekopa mia mahali ambapo saa ina dakika 60 tu. Kwa hiyo duka lililomfundisha kupanda linaweza pia kumfundisha kosa: amezoea kwamba daraja la kuvukia ni mia. Mwalimu hana budi kutaja waziwazi kwamba njia ni ile ile, ila daraja limebadilika.

5.0 Hitimisho

Tofauti za saa sita, dakika 30 na dakika 40 zinaelekeza kwenye vyanzo vitatu visivyofanana, na alama ya mkasi pekee kwenye daftari huvificha vyote. Kielelezo hiki kina mipaka. Jibu moja halitoshi kuthibitisha chanzo, kwani mwanafunzi anaweza kubahatisha. Maswali mawili au matatu ya aina moja yanahitajika, na tofauti ile ile ijirudie. Aidha, maswali yenye saa kamili, kama muda wa kuanzia saa mbili hadi saa tatu, hayafichui kosa la 40. Kwa hiyo uteuzi wa namba katika swali ni sehemu ya upimaji wenyewe: swali lisilovuka saa haliwezi kuonyesha kama mwanafunzi anajua kuivuka.