Mbawakawa na Utitiri Ndani ya Gunia la Samaki

Gunia la sangara wa moshi linaweza kukaa stoo miezi miwili likionekana zima kwa nje, na siku linapofunguliwa likamwaga ngozi, miba na unga wa kahawia. Nyama imekwisha kuliwa. Waliokula ni mbawakawa, na zaidi yao ni mabuu wao.

Samaki akiwa bado na maji mengi, adui wake ni inzi. Akianza kukauka inzi humwacha, na hapo ndipo mbawakawa humjia. Anayeharibu zaidi katika nchi za joto ni mbawakawa wa ngozi, aitwaye hivyo kwa sababu hula pia ngozi mbichi za ng'ombe na mbuzi. Ana urefu wa karibu milimita 6 hadi 10, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, na anaweza kuruka. Jike hutaga mayai kwenye mikunjo ya samaki: matamvua, tumbo lililopasuliwa, nyufa za nyama. Kwenye joto la nyuzi 30 mayai huanguliwa baada ya siku chache, na anayetoka ni buu wa kahawia mwenye manyoya, anayekimbia mwanga. Buu huyo hutoboa nyama akielekea ndani, akijivua ngozi mara kwa mara kadiri anavyokua. Kutoka yai hadi mbawakawa mpya ni kama wiki 5 hadi 7, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Ndiyo maana mzigo ulioondoka Mwanza ukiwa na wadudu wachache hufika soko la mbali umeliwa nusu.

Mwenzake ni mbawakawa mdogo zaidi, wa rangi ya buluu inayong'aa na miguu myekundu. Watu wa pwani wanaokausha nazi humkuta kwenye mbata, kwa kuwa anapenda mafuta. Kwa sababu hiyo samaki hawafai kuwekwa stoo moja na mbata, wala na ngozi.

Utitiri ni jambo jingine. Hauonekani kama mdudu bali kama vumbi jeupe au la kijivu chini ya gunia, na vumbi hilo likiangaliwa kwa makini juani huonekana linatembea. Wachukuzi wanaobeba mizigo ya namna hiyo huweza kuwashwa mikono na shingo. Utitiri hauna mabawa, lakini aina moja inayoshambulia samaki wakavu ina hatua ya ukuaji ambayo hujishika kwenye mwili wa mbawakawa na kusafiri naye hadi kwenye samaki wengine. Udhaifu wake mkubwa ni ukavu: hewa ikiwa kavu, mwili wake mdogo hupoteza maji na utitiri hufa.

Kinachosahaulika mara nyingi ni mahali buu anapokwenda akishiba. Anapotaka kugeuka bundo hutafuta kitu kigumu cha kujichimbia, kwa sababu akibaki wazi wenzake watamla. Hutoboa mbao za rafu, nguzo za stoo, tenga, sanduku, hata mfuko wa nailoni. Samaki wakiuzwa na stoo ikafagiwa sakafu tu, kizazi kinachofuata kimebaki ndani ya mbao kikisubiri mzigo mpya. Mfanyabiashara hudhani mzigo wa pili umetoka kwa mvuvi ukiwa na wadudu, kumbe wameupata stooni kwake. Mbao zenye matundu zibadilishwe au zizibwe, na matenga ya zamani yachomwe kuliko kurudishwa kazini.

Kinga ya kwanza ni chumvi. Sangara wa chumvi, ambaye wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba humwita kayabo, hushambuliwa kidogo kuliko sangara wa moshi. Mbawakawa wa ngozi hukua kwa shida sana chumvi ikifika karibu sehemu 10 kwa kila 100 za uzito mkavu wa samaki. Kiasi hicho si kikubwa. Kilo 10 za sangara aliyepasuliwa zina takriban kilo 7.5 za maji na kilo 2.5 za kitu kikavu, kwa hiyo gramu 280 za chumvi zikiingia kweli ndani ya nyama zinatosha. Neno zito hapa ni kuingia: chumvi iliyonyunyizwa juu ya samaki mnene haifiki katikati, na buu hutafuta katikati hapo. Samaki apasuliwe na vipande vinene vichanjwe kabla ya kutiwa chumvi au kulowekwa katika maji ya chumvi.

Lakini chumvi hunyonya unyevu. Hewa ya masika ikizidi kiwango cha unyevu cha asilimia 75, kayabo aliyeachwa wazi hulowa tena, na hapo huvutia utitiri na ukungu. Kwa hiyo chumvi haiondoi haja ya chombo kinachozuia hewa.

Kabla ya kufunga, wadudu waliokwisha kuingia lazima wafe. Kuanika juani juu ya mkeka hufukuza mabuu, ambayo hukimbilia kivulini na kurudi baadaye, na mayai hubaki yalipo. Njia ya uhakika ni kumrudisha samaki kwenye tanuri hadi katikati ya kipande kinene zaidi kifike nyuzi 55 hadi 60, na joto hilo likae saa moja. Kipimajoto kichomekwe ndani ya nyama, kwa kuwa joto la tanuri si joto la samaki. Mwenye friza anaweza kugandisha kiasi kidogo kwa wiki nzima badala yake.

Baada ya joto, samaki apoe mahali pasipofikiwa na mbawakawa, chini ya wavu wenye matundu madogo. Asifungwe akiwa na moto, kwa sababu mvuke utageuka maji ndani ya chombo. Kipimo rahisi ni kufunga samaki wachache katika mfuko unaoonyesha ndani na kuuacha usiku kucha: matone yakionekana asubuhi, ukaushaji uendelee. Samaki wa moshi ambaye ndani bado ni laini hafai kabisa kuwekwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, kwani bakteria wanaostawi pasipo hewa wanaweza kutengeneza sumu inayoua.

Samaki mkavu aliyepoa huwekwa kwenye pipa au ndoo ngumu ya plastiki au bati yenye mfuniko unaobana. Mfuko mwembamba wa nailoni hauwatoshi mabuu, na kiroba kilichofumwa kina nafasi za kupitisha utitiri. Vyombo vidogo kadhaa ni bora kuliko pipa moja kubwa, kwa sababu pipa linalofunguliwa kila siku humkaribisha mbawakawa kila siku. Kila wiki mbili samaki mmoja kutoka chini agongwe juu ya kitambaa cheupe. Maganda yenye manyoya, unga au kitu kinachotembea maana yake ni tanuri tena, kwa mzigo wote.

Wapo wanaopulizia samaki dawa ya kuua mbu au kuwapaka dawa ya unga ya mahindi. Dawa nyingi za aina hiyo huyeyuka katika mafuta, na sangara ni samaki wa mafuta, hivyo huingia ndani ya nyama na kuosha kwa maji hakuziondoi. Samaki aliyepakwa dawa hiyo asiuzwe, na asipewe kuku. Azikwe.