Siri ya Kampuni Haiwezi Kuwa Kila Kitu

Miaka ya 1980, kampuni ya Uingereza iitwayo Faccenda Chicken ilimpeleka mahakamani aliyekuwa meneja wake wa mauzo, Bwana Fowler. Yeye ndiye aliyeiendeshea biashara ya kuuza nyama ya kuku kwa magari yenye majokofu, kila gari na njia yake. Alipoondoka alianzisha biashara kama hiyo katika eneo lilelile, na wafanyakazi wanane wa Faccenda wakajiunga naye. Wote walikuwa wakijua wateja ni akina nani, hupelekewa mzigo siku gani, njia ipi ni ya mkato na kila mteja hutozwa bei gani. Kampuni ilidai kwamba hayo yote ni siri zake. Mahakama ya Rufani ikakataa.

Maelezo ya majaji yanamfaa kila mtu anayeandika mkataba wa ajira, hata Nairobi, ambako mahakama bado huzisoma hukumu za Kiingereza kama mwongozo. Mtu akiwa kazini ana wajibu wa uaminifu kwa mwajiri wake hata kama mkataba haukutaja neno. Akishaondoka, wajibu huo hupungua sana: hubaki siri halisi za biashara, wala haugusi ujuzi aliouvuna kazini. Ili kujua kipi ni kipi, mahakama huuliza maswali manne. Kazi yake ilikuwa ya namna gani? Taarifa yenyewe ni ya aina gani? Je, mwajiri alimweleza waziwazi kwamba ni siri? Na je, taarifa hiyo inaweza kutengwa na mambo mengine ambayo mfanyakazi ana haki ya kuyatumia?

Maswali mawili ya mwisho hujibiwa siku mkataba unapoandikwa. Tuseme kuna kampuni ndogo ya Nairobi inayooka mikate na kuisambaza madukani. Ina meneja wa mauzo, na ina kijana aliyeiandikia programu ya simu inayopanga njia za magari. Mkataba wao, ulionakiliwa kutoka kwingine, unasema hivi:

“Mwajiriwa hatafichua wakati wowote, milele, taarifa yoyote ya aina yoyote inayomhusu Mwajiri, na kila wazo, kazi au uvumbuzi atakaoubuni wakati wowote utakuwa mali ya Mwajiri.”

Sentensi hii inatisha, lakini ni dhaifu. Ikiwa taarifa “yoyote” ni siri, basi hata saa ya kufungua ofisi ni siri, na meneja hawezi kujua anachokatazwa. Jaji naye hana pa kushika, kwa sababu hakuna kilichotengwa.

Dawa yake ni kutaja vitu vyenyewe:

“Siri za Kampuni ni tatu: (a) vipimo na hatua za kuumua unga wa mkate wetu wa maziwa, (b) msimbo wa programu ya kupanga njia, (c) bei maalumu tunayompa kila mwenye duka. Ukiwa kazini, zitumie kwa kazi ya Kampuni tu. Ukiondoka, usizitumie (a) na (b) wala usimwambie mtu maadamu bado ni siri. Ujuzi wako wa kuuza, kuoka au kuandika programu ni wako, na unaweza kuutumia popote.”

Angalia kwamba (c) haikuingia katika sharti la baada ya kuondoka. Bei zilizomkaa meneja kichwani ni kitu kilekile kilichoishinda Faccenda. Kwa hizo, njia salama ni sharti la pembeni lenye mipaka: kwa miezi 6 baada ya kuondoka, asiwafuate wenye maduka aliowahudumia yeye mwenyewe katika mwaka wake wa mwisho. Kenya ina sheria mahususi juu ya mikataba inayomzuia mtu kufanya biashara au kazi yake halali. Sharti la namna hiyo si batili kwa kuwapo tu, ila Mahakama Kuu inaweza kulibatilisha ikiona si la haki, ikizingatia aina ya kazi, muda na eneo. Ukiandika “miaka 5, Afrika Mashariki yote”, umejifungia mlango mwenyewe.

Lazima pia mkataba uache upenyo kwa ukweli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 dhidi ya ufisadi na makosa ya kiuchumi humlinda anayetoa taarifa kwa wachunguzi. Kwa hiyo ongeza: “Hakuna neno katika mkataba huu linalokuzuia kutoa taarifa ya uhalifu kwa chombo cha serikali au kutoa ushahidi mahakamani.” Bila sentensi hiyo, mfanyakazi mwoga atadhani amefungwa mdomo, na wakili wake atauliza kampuni ilikuwa inaficha nini.

Sasa tuje kwa yule kijana wa programu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyobuniwa katika utekelezaji wa ajira huhesabika kuwa imehamishiwa kwa mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Ugomvi huzuka pembeni: programu ya pili aliyoiandika nyumbani usiku, kwa kompyuta yake, kwa ajili ya kikundi cha akiba cha mtaani. Sentensi ya “kila wazo, wakati wowote” inainyakua nayo pia. Kwa upande wa uvumbuzi wa kusajiliwa hataza, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka huohuo inamwachia mfanyakazi alichovumbua bila uhusiano na ajira yake na bila kutumia vifaa au taarifa za mwajiri. Mkataba ufuate mpaka huohuo, kisha umwombe kijana aorodheshe alivyokuwa navyo kabla ya kuajiriwa.

Namna ya kuandika uhamisho wenyewe imewahi kumgharimu mtu. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitia saini karatasi ya chuo akikubali kwamba atahamisha haki za uvumbuzi wake. Baadaye, alipokwenda kujifunza mbinu katika kampuni ya Cetus, alitia saini nyingine iliyosema anahamisha sasa hivi. Mbinu ya kupima virusi vya Ukimwi ilipozaa hataza, mahakama ya rufaa ilisema ahadi ya chuo ilikuwa ya kesho, ilhali uhamisho wa Cetus ulikuwa umeshafanyika. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani haikuiokoa Stanford. Kwa hiyo usiandike “utaihamishia Kampuni”. Andika: “Kwa mkataba huu unaihamishia Kampuni hakimiliki ya programu unazoandika kwa kazi yake, tangu zinapobuniwa.” Kenya hudai uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi, wenye saini ya anayehamisha.

Ikibaki saini, kumbuka Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007: asiyeweza kusoma lugha ya mkataba lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kipimo kizuri ni kumpa meneja karatasi, kisha umwulize: “Mwenye kiwanda kingine akikuuliza vipimo vya mkate wetu, utamjibu nini? Na akikuuliza namna ya kumshawishi mwenye duka?” Akijibu la kwanza kwa kukataa na la pili kwa uhuru, mkataba umeeleweka. Akisita, rudi kwenye kalamu.

Baada ya hapo, matendo ya kampuni yalingane na maneno yake. Vipimo vya unga vikibandikwa ukutani mbele ya kila mgeni, hakuna kifungu kitakachovifanya siri. Viwekwe palipofungwa, waliovishika waandikwe, na orodha ya siri isainiwe upya kila mtu anapobadilishiwa kazi. Kijana wa programu akikabidhiwa kesho hesabu za kampuni, orodha yake ya leo haitazigusa.