Homa, Kisha Miguu Ikalegea: Mtoto wa Kupelekwa Hospitali Siku Hiyo Hiyo

Kupooza kwa ghafla kwa mtoto ni hali ya mguu uliokuwa na nguvu zake kulegea ndani ya saa au siku chache. Misuli huwa laini, na mguu ukiinuliwa kisha ukaachiwa, huanguka wenyewe. Mtoto aliyekwisha kutembea hurudi kutambaa, au hushindwa hata kukaa. Mara nyingi homa hutangulia, na homa hiyo ndiyo inayowapotosha wazazi, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba malaria imemmaliza nguvu na kwamba atasimama tena homa ikishuka.

Tofauti inaweza kuonekana hata nyumbani. Mtoto aliyechoshwa na homa hataki kusimama, lakini akitekenywa unyayo huuvuta mguu kwa nguvu. Mwenye usaha ndani ya nyonga au goti hukataa kukanyaga na hulia kiungo kikiguswa. Huyo naye ni wa hospitali siku hiyo hiyo, maana usaha huharibu kiungo upesi. Aliyepooza hawezi kuuvuta mguu hata akitaka. Hata hivyo maumivu si ushahidi kwamba hajapooza, kwani magonjwa kadhaa ya kupooza huanza kwa misuli kuuma sana. Penye shaka, mtoto ahesabiwe kuwa amepooza.

Amri ya kusogeza mguu hutoka kwenye ubongo, hushuka kwa uti wa mgongo, kisha hupita kwenye neva hadi kwenye msuli. Njia hiyo ikikatika popote baada ya uti wa mgongo, mguu hulegea. Katika polio, kirusi huingia kwa mdomo kupitia maji, chakula au mikono yenye kinyesi, na huzaliana ndani ya utumbo. Wengi wanaoambukizwa hawapati dalili yoyote, lakini kwa mmoja hivi kati ya kila 200 hufika kwenye uti wa mgongo na kuua seli zinazoamuru misuli. Mtoto huyo huwa bado ana homa wakati mguu unapolegea. Mara nyingi upande mmoja huathirika kuliko mwingine, naye huendelea kuhisi akiguswa. Ndani ya siku chache udhaifu hufikia kilele chake.

Ugonjwa uliopewa majina ya madaktari wa Ufaransa Guillain na Barré, walioueleza mwaka 1916, una mwendo mwingine. Kwa kawaida mtoto aliharisha au alipata mafua wiki moja hadi tatu kabla, akapona, kisha kinga ya mwili wake ikaanza kushambulia neva zake mwenyewe. Miguu yote miwili hulegea kwa pamoja, na udhaifu hupanda kuelekea kiunoni, kifuani na mikononi, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Chanzo cha tatu ni uti wa mgongo wenyewe kubanwa na usaha au kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, au kuvimba kwa ndani. Hapo mtoto anaweza kulalamika mgongo, kutohisi akiguswa miguuni, au kushindwa kukojoa huku tumbo la chini limejaa. Uti ukibanwa, kuuwahi kwa upasuaji ndiko kunakoamua kama miguu itarudi. Kuharisha sana nako huweza kupunguza madini ya potasiamu mwilini hadi misuli ikalegea, na hilo hurekebishwa kwa dawa likigunduliwa.

Mzazi hawezi kuzitenga sababu hizi kwa macho, na hata daktari huhitaji vipimo. Lakini hatari inayotangulia zote ni pumzi. Misuli ya kifua na kiwambo cha tumbo huamriwa na neva pia, na udhaifu unaopanda unaweza kuifikia usiku wakati kila mtu amelala. Dalili zake ni kilio kuwa hafifu, kikohozi kukosa nguvu, mate kujaa mdomoni, kupaliwa anaponywa, sauti kubadilika na kuhema harakaharaka. Mtoto anayejua kuhesabu akishindwa kufika kumi kwa pumzi moja, kifua chake kimeanza kuchoka. Oksijeni peke yake haitoshi hapo; anahitaji mashine ya kupumulia, na kwa hiyo zahanati isiyo nayo humpa rufaa kabla dalili hizo hazijatokea. Njiani alazwe kwa ubavu, na akiwa anapaliwa asipewe chochote kwa mdomo.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema, nalo linadhuru: kutafuta sindano ya homa. Kama homa hiyo ni ya polio inayoanza, sindano ya msulini inaweza kuchochea kupooza kwa kiungo kile kile kilichochomwa. Tena sindano ya tako iliyokosewa mahali huweza kujeruhi neva kubwa ya mguu, na mguu ukalegea ndani ya saa chache kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo daktari aelezwe kila sindano mtoto aliyochomwa karibuni na upande uliochomwa. Kuchua mguu kwa nguvu au kumlazimisha mtoto atembee kuachwe kabisa. Apumzike, mguu ukiwa umewekwa vizuri.

Hospitalini daktari hupima nguvu ya kila kiungo, hugonga goti kwa nyundo ndogo, huangalia hisia, kibofu na mgongo, kisha huamua kama damu, maji ya uti wa mgongo au picha vinahitajika. Kinga ya mwili ikiwa ndiyo inayoshambulia neva, kuna tiba ya kingamwili za dripu, na hufaa zaidi ikianza mapema. Polio haina dawa ya kuua kirusi, ila uangalizi wa pumzi huokoa maisha.

Kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla hutolewa taarifa na kuchukuliwa choo mara mbili, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Hufanyika hivyo hata kama amechanjwa na hata kama daktari anashuku ugonjwa mwingine. Baada ya siku hizo kirusi hupungua kwenye choo, na jibu la "hakuna" haliaminiki sana. Kila sampuli, gramu nane hivi, husafirishwa ikiwa ya baridi hadi maabara.

Umuhimu wa siku hizo ulionekana Malawi. Novemba 2021 msichana wa miaka mitatu jijini Lilongwe alipooza, na choo chake kikachukuliwa siku chache tu baadaye. Februari 2022 maabara zilithibitisha polio ya asili yenye nasaba na kirusi cha Pakistani, ilhali Afrika ilikuwa imetangazwa kuwa huru na kirusi hicho Agosti 2020. Kutokana na mtoto huyo mmoja, watoto wa Malawi na nchi jirani, Tanzania ikiwemo, walipewa matone ya chanjo kwa mamilioni.

Siku 60 baada ya kupooza mtoto hupimwa tena kuona kama udhaifu umebaki. Mazoezi ya viungo huanza maumivu yakishatulia, kwa kunyoosha kifundo na goti kila siku ili misuli isikakamae, na baadhi ya watoto hupewa vyuma vya kushikilia mguu. Wengi wa walioshambuliwa na kinga yao wenyewe hutembea tena baada ya miezi. Kwa mwenye polio, nguvu inayorudi hurudi zaidi katika miezi sita ya mwanzo, nao ndio muda ambao mazoezi hayapaswi kukatizwa.